Mtawala wa Ferrara na Mgeni Asiyejibu

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha fasihi katika chuo cha ualimu, niliwasimulia wanachuo wangu kwa Kiswahili maudhui ya shairi moja la Kiingereza la karne ya 19. Ndani yake mwanamume mmoja wa cheo anamwonyesha mgeni picha ya mke wake aliyekufa, naye anazungumza peke yake mwanzo hadi mwisho. Darasa lilicheka kidogo nilipofika kwenye majivuno yake. Nilipofika kwenye sentensi fupi ya amri, kicheko kilikatika. Kisha mwanachuo mmoja wa nyuma akaniuliza: "Mwalimu, huyu mgeni akirudi kwao atamwambia nini bwana wake?"

Sikuwa na jibu siku ile. Tangu hapo nimelisoma shairi lile mara nyingi, na kila mara swali hilo ndilo linalonirudia. Leo nataka kulifuata, kwa kuwa ndani yake umo ufunguo wa utanzu mzima: utungo ambao nafsineni anamweleza mtu jambo moja, huku bila kukusudia akimfichulia jingine. Wahakiki huuita monolojia ya kidrama.

Shairi lenyewe ni la Robert Browning, na jina lake ni My Last Duchess. Browning alizaliwa mwaka 1812, na katika ujana wake alitamani sana kuandika tamthilia. Mwaka 1837 mchezo wake Strafford uliigizwa jijini London, lakini haukudumu jukwaani. Mwaka 1840 alitoa shairi refu, Sordello, ambalo wasomaji walililalamikia kuwa halieleweki. Basi mwaka 1842 akachapisha kitabu chembamba cha mashairi mafupi, akatanguliza maelezo kwamba mashairi hayo, ijapokuwa yana sura ya ushairi wa hisia, ni maneno ya watu wa kubuni wala si yake mwenyewe. Jukwaa lilikuwa limemkataa, naye akalihamishia ndani ya shairi: mhusika mmoja anayesema, mmoja anayesikiliza, na chumba kimoja.

Katika toleo hilo la kwanza shairi lilipewa jina la Italia tu, likawekwa sambamba na jingine lililoitwa Ufaransa. Mwaka 1849 ndipo lilipopata jina tunalolijua. Jina hilo lina mtego unaomsumbua kila anayejaribu kulitafsiri. Neno la Kiingereza lililotumika laweza kuwa na maana ya mke wa mwisho, yaani baada yake hakuna mwingine, au mke aliyetangulia kabla ya huyu ajaye. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua. Tena sisi tungetarajia neno la tatu, yaani marehemu, ambalo kwa desturi yetu mtu mwungwana haachi kulitaja anapomzungumzia mkewe aliyefariki. Mtawala huyu hana neno la namna hiyo. Kwake yeye mke ni kitu kilichofuata kingine na kitakachofuatwa na kingine. Hapo bado hatujaingia mstari wa kwanza.

Tuingie sasa. Mahali ni Ferrara, mji wa Italia ya kaskazini, katika jumba la mtawala wake. Mgeni ni mjumbe aliyetumwa na mkuu mwingine kuja kuzungumzia ndoa, kwa maana mtawala anataka kumwoa binti wa mkuu huyo. Hayo yote hatuambiwi mwanzoni. Tunachokiona kwanza ni picha ukutani, na mwenye nyumba anayemwomba mgeni aketi aitazame. Anamtaja mchoraji kwa jina, tena anasema amemtaja makusudi. Kisha anaeleza kwamba picha hiyo ina pazia, na hakuna afunguaye pazia hilo ila yeye.

Nafsineni anadhani ameeleza jambo dogo la utunzaji wa picha. Anaongeza kwamba wageni wote wanaoiona humgeukia kana kwamba wangependa kuuliza, kama wangethubutu, uso ule ulipataje mng'ao wake. Zingatieni neno hilo la kuthubutu. Yeye analisema kwa fahari, kama mtu anayeonyesha jinsi anavyoheshimiwa. Sisi tunasikia kwamba ndani ya nyumba hii watu wanaogopa hata kuuliza habari za picha. Na pazia lile tunaanza kulielewa kwa namna yetu: mwanamke ambaye alipokuwa hai alimtabasamia yeyote, sasa hamtabasamii mtu ila kwa idhini ya mumewe.

Kisha zinakuja hati za mashtaka. Mtawala anaeleza mke wake alikuwa na kosa gani. Kosa lenyewe ni kwamba alifurahi upesi mno. Mchoraji akimsifu kwa neno la adabu, uso wake uling'aa. Jua likizama magharibi, alifurahi. Mtu mmoja akimkatia tawi la matunda ya cheri bustanini, alifurahi. Nyumbu wake mweupe aliyempanda kuzunguka baraza alimpa furaha, na zawadi ya mumewe aliyoivaa kifuani ilimpa furaha iyo hiyo, si zaidi. Aliwashukuru watu wote, na hilo mumewe anakiri kuwa ni jema. Lakini aliwashukuru kana kwamba zawadi ya mtu yeyote ilikuwa sawa na zawadi yake yeye, yaani jina la ukoo lenye umri wa miaka mia tisa.

Hapa ndipo ufundi wa Browning ulipo, nami nawasihi washairi wapasome polepole. Mashahidi wote wameitwa na mshtaki mwenyewe, naye ametuletea jua, matunda, nyumbu na shukrani. Hakuna hata mmoja aliye upande wake. Kila anachokileta kuthibitisha kosa la mkewe kinatuonyesha msichana mchangamfu, mwenye moyo mwepesi, asiyejua kupima watu kwa vyeo. Hakuna sauti ya mtunzi inayotuambia kuwa mtawala ni mtu mbaya. Ushahidi umetoka kinywani mwake, na hukumu tumeitoa sisi. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa; hapa mdomo umemponza mwenyewe akiwa anautumia kwa adabu kubwa kabisa.

Mbona hakumwonya mkewe? Anatujibu bila kuulizwa. Kwanza anasema hana ufundi wa maneno. Hilo analisema mtu ambaye maneno yake yote yana vina. Kisha anasema hata kama angekuwa nao, na hata kama mke angekubali kufunzwa bila kubishana, kumweleza tu kingekuwa kitendo cha kujishusha, na yeye amechagua kutojishusha kamwe. Sentensi hii, kwa maoni yangu, ndiyo anayojifichua ndani yake kuliko zote, hata kuliko ile ya amri inayotajwa mara nyingi. Mtu anatueleza kwamba kati ya kumwambia mkewe neno moja la malalamiko na kumwangamiza, aliona la pili ndilo lisilomvunjia heshima. Naye anatarajia mgeni akubaliane naye.

Halafu amri. Mambo yalizidi, akatoa amri, na tabasamu zote zikakoma kwa pamoja. Ni hayo tu. Amri gani, kwa nani, ilitekelezwa vipi, hasemi. Baadaye sana mwalimu mmoja wa Marekani, Hiram Corson, alimwuliza Browning mwenyewe. Akajibu kwamba amri ilikuwa ya kumwua. Kisha akaongeza kwamba labda mtawala alimfungia katika nyumba ya watawa. Yaani mtunzi mwenyewe hakuwa amelazimika kuamua. Shairi halihitaji kujua kilichotendeka. Linahitaji tuone mtu anayeweza kulisema jambo hilo katika pumzi moja, kisha akamwomba mgeni ainuke waende chini wakakutane na wengine.

Na wakiwa njiani ndipo tunapoambiwa mgeni ni nani. Mtawala anataja ukarimu wa bwana wake mgeni, kwamba hana shaka mahari atakayodai hayatakataliwa, ingawa, anasema, anachokitaka hasa ni binti mwenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki akumbuke kwamba kwa desturi ya Ulaya ya wakati huo mali ilitoka upande wa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Mwisho, wakishuka ngazi, anamwonyesha mgeni sanamu ya shaba: mungu wa bahari wa Warumi akimfuga farasi wa majini. Anaisifu kwa kuwa ni adimu. Hajui kwamba ametuonyesha picha yake mwenyewe.

Umbo la shairi nalo linashiriki katika hila hii. Ni mistari 56, na kila miwili ina kina kimoja, kama tathnia zilizounganishwa bila kuachana. Kila mstari una mizani kumi hivi. Kwa hesabu hiyo tungetazamia vina vigonge kama ngoma. Lakini karibu kote mistari ni mishata: sentensi haikomi penye kina, inapita, inakoma katikati ya mstari unaofuata. Sikio linasikia mtu anayezungumza kawaida, na kina kinapita chini chini bila kutambuliwa. Mtunzi wa Kiswahili aliyezoea kituo kitue penye kina ataona jambo hili ni kinyume cha mafunzo yake. Hapa limefanywa kwa sababu: mtu huyu amejizuia kikamilifu, na kizuizi chenyewe hakionekani.

Sasa niligeukie swali ambalo wahakiki wamebishania. Je, ni kweli mtawala hakujua anachokisema? Mwaka 1957 B. R. Jerman aliandika kwamba mtawala ni mtu asiyejitambua, aliyeropoka mbele ya mjumbe. Mwaka 1959 Laurence Perrine akamjibu kwamba la, ni mtu mwerevu: alitaka mjumbe apeleke onyo kwa bibi harusi mpya, kwamba katika nyumba hii mke humtabasamia mtu mmoja tu.

Nimewahi kuwa upande wa Jerman, na nimewahi kuwa upande wa Perrine. Siku hizi naona kwamba hata tukimpa Perrine hoja yake yote, utanzu hautikisiki. Tuseme alitaka kutisha, na akafaulu. Bado kuna jambo ambalo hakukusudia lionekane. Mtu aliyetaka kuonekana kwamba hashuki ametumia sehemu kubwa ya maneno yake akihesabu tabasamu za msichana. Anakumbuka tawi la cheri na aliyelikata. Anakumbuka rangi ya nyumbu. Mambo hayo hukumbukwa na mtu mwenye wivu uliomla siku nyingi. Onyo alilikusudia. Jeraha hakulikusudia. Kati ya anachokituma na kinachopokewa kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo shairi.

Historia inalizidishia jambo hili uzito. Mwaka 1936 mtafiti Louis Friedland alionyesha kwamba nyuma ya mtawala wa Browning yupo Alfonso wa Pili wa ukoo wa Este, aliyetawala Ferrara kuanzia mwaka 1559. Mke wake wa kwanza alikuwa Lucrezia, binti wa Cosimo wa ukoo wa Medici, mtawala wa Florence. Kwanza Alfonso alichumbiwa dada yake mkubwa, Maria. Maria alipofariki mwaka 1557, mdogo akawekwa mahali pake. Waliozeshwa Julai 1558. Bwana harusi alikuwa na miaka 24, bibi harusi 13. Siku chache baada ya harusi mume akaondoka kwenda Ufaransa, na mke akabaki kwao Florence. Alihamia Ferrara mwaka 1560, na Aprili 1561 alifariki, akiwa na miaka 16.

Uvumi wa sumu ulienea upesi. Wanahistoria wa leo hawaukubali. Wanaona yaelekea zaidi alikufa kwa kifua kikuu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba Alfonso wa kweli hakutoa amri yoyote. Lakini nani leo anamkumbuka Alfonso wa kweli? Mtunzi aliyeishi karibu miaka 300 baada yake amemtia maneno mdomoni, na maneno hayo yamemhukumu. Hili ni jambo ambalo kila atungaye monolojia juu ya mtu aliyewahi kuishi hana budi kulifikiri. Ukimpa marehemu sauti, umemnyima pia sauti yake. Browning alikuwa na tahadhari: katika shairi zima hakulitaja jina la Alfonso wala la Lucrezia. Aliandika Ferrara tu chini ya jina la shairi, akatuachia sisi.

Wapo watakaouliza kama sisi hatunao utungo wa namna hii tangu zamani. Wanaweza kuutaja Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ambamo mama mgonjwa anamwusia binti yake mambo ya dini, adabu na ndoa. Kweli umo usemi wa mtu mmoja, na yumo msikilizaji anayetajwa. Lakini tofauti ni kubwa. Mwana Kupona anasema kwa nafsi yake. Nafsineni na mtunzi ni mtu mmoja, naye anataka tumsikie kama binti yake anavyomsikia. Msomaji wa leo anaweza kugundua humo mambo ambayo mama hakuyatamka waziwazi kuhusu maisha ya mwanamke wa pwani wakati ule. Ugunduzi huo ni wetu, haukutegwa na mtunzi. Kwa Browning mtego umetegwa tangu mwanzo: mtunzi amesimama nyuma ya mgongo wa nafsineni, anatukonyeza.

Kwa atakayetaka kujaribu mkono wake kwa Kiswahili, nitaje mambo mawili tu niliyoyaona yakiharibu tungo nyingi za wanachuo wangu. La kwanza ni msikilizaji asiye na haja. Mtawala hasemi na hewa. Anasema na mtu anayeshika ufunguo wa ndoa anayoitaka, na kwa hiyo ana sababu ya kusema na sababu ya kuficha. Nafsinenewa asipokuwa na uzito wa namna hiyo, kilichobaki ni mtu anayejisemea, na anayejisemea hana cha kujificha nacho. La pili ni maungamo. Mtunzi mchanga humchoka nafsineni wake, humfanya akiri: nilikuwa na wivu, nilikosea. Akishakiri, kinaya kimekufa, kwa kuwa sasa anajua yale tunayoyajua sisi.

Kuna njia rahisi ya kupima. Mpe mtu utungo wako asome, kisha umwulize maswali mawili. Mtu huyu anataka aonekane vipi? Na wewe umemwonaje? Majibu yakiwa yale yale, umetunga hotuba au wasia, nayo ni mambo mazuri, lakini si haya. Asipoweza kulijibu la kwanza, umemficha nafsineni mno. Majibu yakiwa mawili tofauti, tena kila moja likathibitishwa kwa maneno yale yale ya utungo, umefika.

Narudi kwa mwanachuo wangu wa siku ile. Mjumbe alirudi akasema nini? Shairi halituambii. Hatumsikii hata akikohoa. Lakini tunajua kilichotokea Ferrara. Mwaka 1565 Alfonso alimwoa Barbara, binti wa mfalme mkuu Ferdinand wa Kwanza, aliyekulia Innsbruck, na mipango ilipitia kwa wajumbe kama ilivyokuwa desturi. Barbara alifariki mwaka 1572. Mwaka 1579 Alfonso akaoa mke wa tatu. Hakupata mtoto kwa yeyote kati yao, na alipokufa mwaka 1597 ukoo wake uliipoteza Ferrara, ikachukuliwa na Papa. Jina lile la miaka mia tisa halikupata wa kulirithi hapo.

Harusi, basi, ilifungwa. Ikiwa mjumbe wa Browning aliyasikia yote tuliyoyasikia, huenda aliporudi alisema kuhusu mahari na sanamu ya shaba, akanyamaza mengine. Nilipomweleza hivyo mwanachuo yule, miaka kadhaa baadaye tulipokutana, naye sasa akiwa mwalimu, alifikiri kidogo akasema: "Kumbe Mwalimu, aliyejifichua ni wawili." Sina cha kuongeza juu ya hilo.